KWA NINI VIDEO INAKATAA KUCHEZA TOVUTINI ILHALI KWENYE YOUTUBE INACHEZA?

Katika makala haya ninakusudia kueleza jambo moja tu ambalo limezua mabishano mengi miongoni mwetu tangu ukurasa wa chama ufunguliwe kwenye tovuti. Jambo lenyewe ni hili: mtu anafungua ukurasa, anabonyeza video, na badala ya kuona mchezo anaona kisanduku cheusi chenye maneno ya kumkataza. Anaondoka akisema ukurasa ni mbovu, ama kompyuta ya shule imezeeka, ama bando limeisha. Mara nyingi hakuna hata moja kati ya hayo. Video imekatazwa na mwenyewe kuonyeshwa mahali pengine, na ukijua dalili zake utaitambua kwa muda wa dakika tano.

Kwanza tuelewe maana ya kupachika video. Wengi wetu hudhani kwamba video tunayoiona kwenye ukurasa wa chama imehifadhiwa humo ukurasani. La hasha! Hapa Murera kuna ploti nyingi ambazo maji yake hutoka kwenye kisima cha jirani kilichochimbwa kwa mashine. Bomba liko kwako, mfereji uko kwako, ndoo ni yako, lakini maji ni ya jirani na vali kuu iko kwake. Akiifunga, utafungua mfereji wako hadi uchoke na hakuna tone litakalotoka. Hata ukibadilisha mfereji ukanunua mpya kule Ruiru, ni kazi bure.

Video iliyopachikwa ni hivyo hivyo. Aliyetengeneza ukurasa ameweka mistari michache ya msimbo inayofungua dirisha dogo, na dirisha hilo linachungulia moja kwa moja kwenye YouTube. Msimbo wenyewe ni huu:

```
<iframe width="560" height="315"
  src="https://www.youtube.com/embed/KITAMBULISHO"
  referrerpolicy="strict-origin-when-cross-origin"
  allowfullscreen></iframe>
```

Pale nilipoandika KITAMBULISHO huwekwa herufi na tarakimu 11 ambazo ni jina la video hiyo ndani ya YouTube. Kila video ina lake. Herufi kubwa na ndogo si sawa hapo, kwa hivyo ukiandika `a` badala ya `A` umeomba video nyingine kabisa. Dirisha likifunguliwa, YouTube huangalia kama mwenye video ameruhusu ionyeshwe nje ya nyumba yake. Ruhusa hiyo ni alama moja tu ya kuweka ama kuondoa, nayo huitwa `Allow embedding`. Ikiwa imeondolewa, dirisha hujibu hivi:

```
Video unavailable
Playback on other websites has been disabled
by the video owner
```

Yaani, mwenye video amezuia isichezwe kwenye tovuti nyingine. Chini yake huwa kuna kiungo cha kukupeleka ukaitazame YouTube kwenyewe.

Sasa msomaji atauliza, mtu ametoa video yake bure ulimwengu mzima uione, mbona tena anazuia? Swali hili ni zuri, na jibu lake nitalitoa kwa kisa cha kweli kilichotokea Marekani. Kuna bendi iitwayo OK Go ambayo ilijulikana sana mwaka 2006 kwa video ambayo wanabendi wanacheza densi juu ya mashine za kukimbilia. Watu waliipachika kwenye kurasa zao kila mahali na bendi ikapata umaarufu. Baadaye kampuni iliyokuwa inasimamia muziki wao, EMI, ilizima ruhusa ya kupachika. Sababu ilikuwa pesa: wakati huo kampuni ilikuwa ikilipwa video ikitazamwa kwenye YouTube yenyewe, si ikitazamwa kupitia tovuti ya mtu mwingine.

Kilichofuata kilielezwa na mwimbaji wa bendi hiyo, Damian Kulash, katika gazeti la New York Times mwezi wa Februari mwaka 2010. Alisema watazamaji wa ile video walishuka kwa asilimia 90, kutoka kama 10,000 kwa siku hadi zaidi kidogo ya 1,000. Mwezi uliofuata bendi iliachana na EMI ikaanzisha kampuni yake. Ajabu ni kwamba mwezi huo huo wa Machi 2010, huku kwetu Kenya, kundi la Just A Band lilitoa video ya wimbo "Ha-He" yenye yule shujaa Makmende, nayo ikasambaa kwa kupokezanwa na watu mtandaoni hadi vyombo vya habari vya ng'ambo vikaizungumzia. Ndipo unapoona pande zote mbili. Anayezuia hutaka watazamaji waje mlangoni kwake awahesabu na alipwe. Anayeruhusu hutaka jina lake lifike mbali. Wote wana haki, kwa maana mali ni yao.

Baada ya kuelewa hayo, tuje kwenye kazi yenyewe ya kuchunguza. Nitatumia mfano uliotupata sisi hapa chamani mwaka jana, muhula wa pili. Ukurasa wetu ulikuwa na video nne za maonyesho kutoka tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo watahiniwa walikuwa wakiitumia kudurusu. Video zilikuwa zimepakiwa na vikundi tofauti vya waigizaji. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilicheza vizuri. Ya tatu ilikataa. Watahiniwa wakawa wanalalamika kwamba wanamaliza bando la wazazi wao wakifungua ukurasa mara kumi kumi. Lawama zote zikamwangukia mwenzetu aliyeutengeneza ukurasa, na kukawa na maneno ati anyang'anywe kazi hiyo na ukurasa ufutwe, uanzishwe upya. Kabla ya hukumu kutolewa, mwalimu mlezi alituambia tukachunguze kwanza. Tulifanya hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kusoma maneno yaliyo kwenye kisanduku, tena kuyasoma yote na kuyanakili. Watu wengi huona neno la kwanza, `Video unavailable`, wakaacha hapo. Neno hilo peke yake halikusaidii kwa kuwa hutumika kwa magonjwa mengi. Mstari wa pili ndio wenye habari. Yetu ilisema kama nilivyoonyesha hapo juu, kwamba mwenye video amezuia. Hapo tulikuwa na mshukiwa, lakini mshukiwa si mfungwa. Tukaendelea.

Hatua ya pili ni kufungua video ile ile kwenye YouTube yenyewe. Unachukua kile kitambulisho cha herufi 11 kutoka kwenye msimbo na kukiweka kwenye anwani hii:

```
https://www.youtube.com/watch?v=KITAMBULISHO
```

Ni vizuri ufanye hivyo kwenye kivinjari ambacho hujaingia kwa akaunti yako, ili usionyeshwe kitu ambacho wengine hawaoni. Isipocheza hata huko, basi shida si ya kupachika. Pengine imefutwa, ama mwenyewe ameifanya ya faragha, ama haijaruhusiwa nchini mwetu. Yetu ilicheza bila matata. Hilo ni jambo kubwa, kwa maana lilituonyesha kwamba kisima kina maji na mtandao wa shule haujazuia YouTube.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifurahisha mimi zaidi, nayo ni ya kubadilishana nafasi. Tulitengeneza nakala ya ukurasa ili tusiharibu ule wa wote. Kisha tukachukua kitambulisho cha video ya pili, inayocheza, tukakiweka kwenye dirisha la tatu. Kile cha video ya tatu tukakiweka kwenye dirisha la pili. Hatukugusa kitu kingine chochote. Tulipofungua, dirisha la tatu likacheza na dirisha la pili likakataa. Kumbe ugonjwa umehama pamoja na video! Kama kosa lingekuwa la msimbo wa dirisha la tatu, lingebaki pale pale hata ukibadilisha video. Hapo mwenzetu akaanza kutabasamu, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mfereji wake hauna tatizo.

Hatua ya nne ni kuiuliza YouTube yenyewe. Ipo anwani ambayo hutumiwa na tovuti nyingi kuomba msimbo wa kupachika, na hata mwanafunzi anaweza kuiandika kwenye kivinjari kama anwani ya kawaida:

```
https://www.youtube.com/oembed?format=json&url=https://www.youtube.com/watch?v=KITAMBULISHO
```

Kama video inaruhusiwa kupachikwa, utaletewa maandishi yaliyobanana yenye jina la video, jina la chaneli na ule msimbo wa dirisha. Kama imekatazwa, utaletewa neno `Unauthorized` basi, yaani huna idhini. Tulipojaribu video ya pili tulipata maandishi marefu. Tulipojaribu ya tatu tulipata lile neno moja. Lakini tahadhari! Huduma hii hukataa pia video zilizofanywa za faragha, ndiyo maana jibu lake halitoshi likiwa peke yake. Lazima uwe umefanya hatua ya pili kwanza ukaona kwamba video iko wazi kwa umma. Iko wazi kwa umma lakini kupachika hakuna: ushahidi ndio huo.

Kwa wale wanaojua kuandika programu, kicheza-video cha YouTube pia hutoa nambari za makosa. Nambari 101 na 150 zote mbili zina maana moja, kwamba mwenye video hakubali ichezwe ndani ya tovuti nyingine. Nambari 100 ni kwamba video haipatikani, labda imeondolewa ama ni ya faragha. Nambari 2 huja wakati ombi lenyewe lina kasoro, kwa mfano kitambulisho kisichotimiza herufi 11.

Sasa, kuna magonjwa matatu yanayofanana na haya, na lazima niyataje kwa kuwa dawa zake ni tofauti.

La kwanza ni la mtu kupachika anwani isiyofaa. Ukinakili ile anwani yenye `watch?v=` ukaitia ndani ya dirisha badala ya ile yenye `embed/`, utaona ujumbe wa kivinjari kwamba `www.youtube.com refused to connect`. Hapa mwenye video hana hatia. Ukurasa mzima wa YouTube umekatazwa kuwekwa ndani ya dirisha la tovuti nyingine, na kile kicheza-video kidogo pekee ndicho kimeruhusiwa. Utalitambua kwa sababu video zote ulizoziweka hivyo zitakataa. Rekebisha anwani na mambo yatanyooka.

La pili ni lile la `Error 153`. Hili huja wakati YouTube haijaambiwa ni tovuti gani inayoiomba video. Wengi wetu hutengeneza kurasa kwenye kompyuta, tukazibeba kwa flashi na kuzifungua kwa kubonyeza faili mara mbili. Ukurasa uliofunguliwa hivyo hauna anwani ya tovuti, basi YouTube haimjui mgeni aliyebisha hodi. Ukiuweka ukurasa huo kwenye tovuti halisi, na msimbo ukiwa na ule mstari wa `referrerpolicy` nilioonyesha mwanzoni, video hucheza. Hapa pia mwenye video hajakataza lolote.

La tatu ndilo gumu zaidi. Ujumbe wake husema kwamba video ina kitu kilicho mali ya kampuni fulani, ambayo imezuia kionyeshwe kwenye tovuti hiyo. Maneno yake huisha hivi:

```
... who has blocked it from display on this
website or application
```

Tazama tofauti. Katika ugonjwa wetu aliyezuia ni yule aliyepakia video. Hapa aliyezuia ni mwenye hakimiliki, kwa kawaida ya muziki uliosikika ndani yake. Kwa mfano, waigizaji wanaweza kuweka wimbo wa mtu kama kiingizo cha onyesho. Mitambo ya YouTube huutambua wimbo huo, na kampuni yenye wimbo huamua. Hata waigizaji wakikuruhusu kwa moyo mkunjufu, ruhusa yao haitafungua kitu. Ni kama jirani kukufungulia vali yake, kumbe na yeye anauziwa maji na mwingine aliyefunga kule juu.

Turudi kwenye video yetu ya tatu. Tulipokwisha kuthibitisha, ilibaki kutafuta dawa. Tuliona njia tatu.

Njia ya kwanza ni kumwomba mwenyewe. Ruhusa hutolewa naye tu, wala hakuna msimbo wowote unaoweza kuitoa kwa niaba yake, hata uandike nini. Akikubali, kazi yake ni ndogo. Kwenye kompyuta anaingia `YouTube Studio`, anachagua `Content`, anafungua video hiyo, anabonyeza `Show more`, anateremka hadi sehemu ya `License`, anatia alama kwenye `Allow embedding` na kubonyeza `Save`. Hatuhitaji kubadilisha chochote kwenye ukurasa wetu. Dirisha litacheza lenyewe likifunguliwa tena. Tuliwaandikia waigizaji barua fupi tukaeleza sisi ni nani, video ni ipi, na itaonyeshwa kwa akina nani. Baada ya siku kadhaa walitujibu kwa adabu kwamba hawawezi. Walisema wao huuzia shule tiketi za maonyesho, na wanataka kila mtazamaji afike kwenye chaneli yao ili aone ratiba ya ziara zao. Mgala muue na haki umpe. Jibu lao halikutufurahisha, lakini lilikuwa na msingi.

Njia ya pili ilipendekezwa na baadhi yetu, nayo ilikuwa kuipakua video hiyo na kuipakia upya kwa jina la chama. Mwalimu aliikataa papo hapo, na sababu zake zilikuwa mbili. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video bila idhini. Pili, kunakili kazi ya mtu na kuitangaza bila ruhusa yake kunagusa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, na kutumia neno "elimu" si kinga ya kila kitu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, sembuse ya kuiba!

Njia ya tatu ndiyo tuliyoishika. Tuliondoa lile dirisha na mahali pake tukaweka picha ya video pamoja na kiungo. Mtu akiibonyeza anapelekwa YouTube, ambako inaruhusiwa kucheza. Msimbo ni huu:

```
<a href="https://www.youtube.com/watch?v=KITAMBULISHO">
  <img src="https://img.youtube.com/vi/KITAMBULISHO/hqdefault.jpg"
    alt="Onyesho la tatu">
</a>
```

Chini ya picha tukaandika: "Video hii hutazamwa kwenye YouTube pekee. Bonyeza picha." Maneno hayo machache yalimaliza malalamiko, kwa maana watahiniwa waliacha kufungua na kufunga ukurasa wakimaliza bando. Waigizaji nao walipata watazamaji wao mlangoni kama walivyotaka.

Dosari ya njia hii ipo, nami sitaificha. Msomaji akishafika YouTube, anaonyeshwa video nyingine nyingi pembeni, za mpira na za vichekesho, na wengine wetu huwa hawarudi tena kwenye Bembea ya Maisha. Ndiyo maana tuliihamisha video hiyo ya tatu ikawa ya mwisho ukurasani, ili mtu aondoke akiwa ameshatazama zile tatu nyingine.

Jambo la mwisho la kukumbuka ni kwamba ile alama ya ruhusa inaweza kubadilishwa wakati wowote. Video inayocheza leo inaweza kuzimwa kesho bila ukurasa wako kuguswa na mtu. Kwa hivyo siku hizi katibu wa chama hufungua kila video ya ukurasa mara moja kila mwanzo wa muhula, na ikikataa anaanza na kusoma ule mstari wa pili. Yule mwenzetu bado ndiye anayetunza ukurasa, na hakuna aliyemtaja tena kwa ubaya.

Hadi hapo natia nanga.

Mwanachama, Kidato cha Tatu